Saa 84 za lindo moja

Mitaa ya makazi ya Dar es Salaam hulindwa usiku kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni ulinzi shirikishi: vijana wa mtaa wenye filimbi, tochi na rungu, wanaolipwa kwa michango ya kaya. Ya pili ni mlinzi wa geti la nyumba, awe ameajiriwa na mwenye nyumba mwenyewe au ameletwa na kampuni. Ya tatu ni geti la pamoja, linalofunga kichochoro kizima au kuzunguka eneo la nyumba na fleti, na gharama zake hugawanywa kwa wakazi.

Bei zake zinatofautiana sana. Kaya moja hutoa elfu tatu kwa mwezi, nyingine hutoa zaidi ya milioni. Hata hivyo, bidhaa inayonunuliwa ni ileile, yaani saa za mtu aliye macho pamoja na watu watakaoitika akiita. Mwizi akishafika ukutani, kinachoamua ni kama mlinzi yuko macho na kama kuna atakayekuja akipuliza filimbi. Kwa hiyo anayetaka kujua kama analindwa aanze kwa kuhesabu saa hizo. Wakazi wengi hulipa miaka na miaka bila kuifanya hesabu hiyo.

Filimbi ya mtaa

Ulinzi wa wananchi una historia ndefu Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi walianzisha sungusungu kukabiliana na wizi wa ng'ombe na ujambazi. Vikundi hivyo vilienea hadi mijini, na mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili vitambulike kisheria. Kuanzia mwaka 2006 Jeshi la Polisi lilianza kusukuma mpango wa polisi jamii, na jina la ulinzi shirikishi likazoeleka mitaani. Vikundi hivi hulegea mtaa ukitulia na kuamka mambo yakiharibika. Septemba 2022, vijana waliojulikana kama panya road walipovamia nyumba na kujeruhi watu Dar es Salaam, uongozi wa mkoa uliagiza ulinzi shirikishi uimarishwe kila mtaa.

Utaratibu wake ni huu. Mkutano wa mtaa hukubaliana kiwango cha mchango. Wajumbe wa mashina huorodhesha kaya, wakihesabu pia wapangaji wa chumba kimoja kimoja. Vijana wanaopendekezwa wanatakiwa kuwa watu wanaojulikana mtaani, majina yao yapitie kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, kisha yafike polisi ili wachunguzwe na kupewa mafunzo mafupi. Wakishakubalika hupangiwa zamu, njia za doria na mahali pa kukutana. Askari polisi wa kata ndiye kiungo chao na kituo.

Tuchukue sehemu ya mtaa yenye kaya 300, kila moja ikitakiwa kutoa shilingi 3,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi hizo ni 900,000. Lakini kuna wapangaji waliohama, kuna wanaosema mchango ni jukumu la mwenye nyumba, na kuna wenye walinzi wao wanaoona hawahusiki. Wakilipa 180 kati ya 300, kinachoingia ni 540,000. Walinzi wakiwa sita, kila mmoja anapata 90,000 kwa mwezi, ambayo ni shilingi 3,000 kwa usiku akifanya kazi kila siku, kabla ya kununua betri za tochi. Wakiwa kumi, kila mmoja anaambulia 54,000.

Hesabu hiyo fupi inaeleza mengi tunayoyaona. Kijana anayelipwa elfu tatu kwa usiku lazima mchana atafute riziki nyingine, na akishinda kwenye bodaboda au kwenye ujenzi, saa nane za usiku zitamkuta amechoka. Kikundi nacho hupungua kimyakimya. Kilianza na watu kumi, mwezi wa tatu kimebaki na wanne, na orodha ya mwenyekiti bado inasoma kumi. Baadhi ya walinzi huanza kujitafutia fedha barabarani kwa kuwasimamisha wanaochelewa kurudi na kuwadai "hela ya chai". Ukisikia malalamiko ya namna hiyo mtaani kwako, angalia kwanza daftari la makusanyo. Mara nyingi utakuta posho imekatika wiki kadhaa kabla ya malalamiko kuanza.

Dawa ya kwanza ni uwazi wa fedha. Mtaa unaofanikiwa hutoa risiti kwa kila mchango, humtenga mtu anayekusanya na mtu anayelipa posho, na kila mwezi hubandika ofisini karatasi yenye mistari mitatu: zimeingia ngapi, wamelipwa walinzi wangapi, zimebaki ngapi. Anayeona karatasi hiyo hulipa kwa moyo mweupe zaidi kuliko anayegongewa mlango Jumapili asubuhi na mtu asiye na kitabu cha risiti.

Dawa ya pili ni kujua mipaka ya mamlaka. Mlinzi shirikishi anaweza kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, kama sheria inavyomruhusu raia yeyote, na anatakiwa kumfikisha polisi bila kuchelewa. Hana ruhusa ya kumpiga, kumtoza faini, kumfungia kwenye ofisi ya mtaa hadi ndugu walete fedha, wala kuingia chumbani kwa mtu kupekua. Kikundi kinachovuka mipaka hiyo huwaingiza wakazi katika kesi, na mbaya zaidi, huwafanya majirani waogope kutoka nje wanaposikia filimbi. Filimbi isiyoitikiwa haina kazi.

Mlinzi wa geti lako

Anayeona mchango wa mtaa hautoshi huajiri mlinzi wake. Kwa miaka mingi njia rahisi Dar es Salaam imekuwa kuuliza kwa jirani. Mlinzi wa jirani ana ndugu au mtu wa kijijini kwake, anakuja kesho yake na shuka na rungu, mnakubaliana mshahara kwa mdomo. Vijana wengi wa Kimasai wamepata kazi mjini kwa njia hiyo, na sifa yao ya uaminifu imewafungulia milango mingi. Mpango huu una nguvu moja ambayo kampuni nyingi hazina, nayo ni udhamini. Kijana ameletwa na mtu anayejulikana, na akiharibu, aliyemleta naye ataulizwa.

Udhaifu wake uko kwenye saa. Mlinzi wa namna hii hulala palepale kwenye kibanda, na mwenye nyumba huona kwamba kwa mshahara mmoja amepata ulinzi wa usiku na mchana. Asubuhi mlinzi anafungua geti kwa ajili ya gari la shule, mchana anamwagilia bustani na kupokea mafundi, jioni anaosha gari. Usiku unapoingia, mwili unadai usingizi wake. Ni afadhali kumwambia waziwazi kwamba kazi yake ni kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, mchana alale, na usiku mmoja kwa wiki apumzike kabisa. Yeye ni mwajiriwa kama waajiriwa wengine: ana haki ya mkataba wa maandishi, likizo na michango ya hifadhi ya jamii. Andika pia namba ya kitambulisho chake cha taifa na jina la mdhamini, kisha mtambulishe kwa mjumbe wa shina. Mjumbe asiyemjua mlinzi wako anaweza usiku kumchukulia kuwa ndiye mwizi.

Hesabu ya kampuni

Wanaoenda kwenye kampuni ya ulinzi hutegemea kwamba hayo yote yatasimamiwa na mtu mwingine. Kampuni ina kibali cha Polisi, sare, wasimamizi wa doria na mlinzi wa akiba mmoja akiugua. Hapa ndipo bei inapohitaji kusomwa kwa makini, kwa sababu mkazi huambiwa anakodi "mlinzi mmoja", ilhali anachokodi ni lindo.

Lindo moja la usiku, saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili, siku saba kwa wiki, ni saa 84. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Mtu mmoja hawezi kulibeba lindo hilo kihalali. Kwa makubaliano ya maandishi watu wawili wanaweza kupokezana usiku kwa usiku, na kila mmoja akafanya wastani wa saa 42. Kwa hiyo usiku utamwona mtu mmoja getini, lakini kwenye orodha ya mishahara wanatakiwa kuwa wawili.

Upande wa mshahara, amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha mlinzi kuwa shilingi 222,000 kwa mwezi kwa kampuni kubwa na 148,000 kwa kampuni ndogo. Viwango hivyo vilikuwa sakafu, na hupitiwa upya mara kwa mara. Kwa mfano wetu tuchukue kampuni inayotaka kumshika mlinzi mzuri asikimbie, ikimlipa 300,000.

Walinzi wawili ni 600,000. Sheria inataka nyongeza ya asilimia 5 kwa saa zilizo kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, nayo ni kama 25,000 kwa wote wawili. Mwajiri anaongeza asilimia 10 kwa NSSF, pamoja na jumla ya takriban asilimia 4 kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na tozo ya ufundi stadi. Tumefika 712,500. Kila mlinzi ana likizo ya siku 28 kwa mwaka, na akiwa likizo lazima mwingine alipwe kukaa mahali pake; ukiigawa kwa miezi ni kama 55,000. Weka 80,000 za sare, buti, koti la mvua, redio, mafuta ya gari la doria na mshahara wa msimamizi. Weka asilimia 10 ya ofisi na faida. Mwisho, kama kampuni imesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ongeza asilimia 18. Jumla inafika karibu shilingi 1,100,000 kwa mwezi kwa lindo moja la usiku.

Sasa linganisha na bei ya 450,000 pamoja na kodi kwa lindo hilohilo. Ukiondoa kodi, inabaki 381,000 na ushee. Fedha hiyo ilipe mishahara, michango, sare, msimamizi na faida ya mwenye kampuni. Hata kwa kima cha chini cha 148,000 cha amri ile ya mwaka 2022, watu wawili wangekula 296,000 kabla ya kitu kingine chochote. Bei hiyo inawezekana tu kama mtu mmoja anakaa kila usiku, au michango yake haipelekwi, au mshahara wake unacheleweshwa hadi wateja walipe. Mara nyingi mambo hayo matatu huja pamoja.

Mteja anaweza kudhani hilo ni suala kati ya mlinzi na kampuni yake. Lakini matokeo yanaishia getini kwake. Anayekesha usiku wa kumi mfululizo atasinzia, awe mwaminifu kiasi gani. Asiyelipwa miezi miwili ataacha kazi katikati ya mwezi, na mpya atakayeletwa hawajui wakazi wala magari yao. Na mlinzi mwenye njaa anaweza kushawishika na mtu anayemwomba afunge macho kwa robo saa.

Hili unaweza kuligundua bila kuiona orodha ya mishahara. Uliza kampuni, kabla ya kusaini, majina mawili ya watu watakaoshika lindo lako, na uombe yaandikwe kwenye mkataba. Wiki ya pili, zungumza na mlinzi kwa heshima: "Kaka, leo usiku wa ngapi mfululizo? Mwenzako anaingia lini?" Akijibu kwamba reliva hajaonekana tangu mwezi uliopita, umeshapata jibu lako.

Soma na daftari la lindo. Kwenye lindo linalofanya kazi utakuta mambo yaliyoandikwa yalipotokea: saa nne na dakika kumi gari fulani limeingia, saa saba taa ya nguzo imezimika, saa tisa na nusu msimamizi amepita na kusaini. Kalamu hubadilika, mwandiko hutanuka pale giza lilipokuwa, na siku za mvua karatasi huonyesha. Daftari la kughushi huwa na mistari iliyonyooka, wino mmoja, na "hali shwari" kila baada ya saa moja kamili hadi asubuhi. Limeandikwa kwa mkupuo mmoja alfajiri. Sahihi ya msimamizi ikiwa kila siku ni ya saa tatu usiku, ujue hakuna anayepita wakati usingizi unapokuwa mzito, yaani kati ya saa nane na saa kumi.

Mpangilio wa kibanda nao una uzito. Wengi huweka taa kali ndani ya kibanda au juu ya kichwa cha mlinzi, wakidhani mwizi akimwona ataogopa. Aliye kwenye mwanga haoni gizani, ilhali aliye gizani anamwona yeye vizuri, anajua lini amesinzia na lini ameenda chooni. Taa ielekezwe barabarani na kwenye ukuta, mlinzi akae kivulini, mahali anapoona geti na kona zote mbili. Mabadiliko hayo ni ya waya wa mita chache, na huongeza thamani ya kila saa unayoilipia.

Geti la kichochoro

Majirani wengi hufikia uamuzi wa kuungana. Kichochoro chenye nyumba 24 na njia moja ya kuingilia kinaweza kuweka geti mwanzoni na kugawana lindo. Kwa saa 24 za kila siku lindo ni saa 168 kwa wiki, na kihalali linahitaji watu wanne. Kwa hesabu yetu ya hapo juu, gharama ni kama 2,160,000 kwa mwezi, sawa na 90,000 kwa nyumba. Ni nafuu kubwa kuliko kila mmoja kukodi lindo lake.

Tatizo linaanza pale nyumba sita zinapoacha kulipa. Moja haina mpangaji, nyingine mwenyewe yuko safarini, wa tatu anasema geti halijawahi kumsaidia. Zinabaki 18, na mchango unapanda hadi 120,000. Kupanda huko kunawatoa wengine wawili, na mchango unafika 135,000. Kinachofuata ni kamati kupunguza mlinzi mmoja, kisha wa pili, hadi watu wawili wanagawana saa 168. Geti bado lipo, limepakwa rangi, lakini saa zilizokuwa nyuma yake zimekwisha. Wasiolipa nao wanaendelea kulindwa na kilichobaki, kwa sababu geti halichagui nani ayalinde mali yake.

Kwenye majengo ya fleti, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 imeweka jumuiya ya wamiliki na wajibu wa kuchangia gharama za pamoja, hivyo deni la ulinzi linaweza kudaiwa kama deni lingine. Kichochoro cha kawaida hakina nguvu hiyo. Kinategemea makubaliano ya maandishi yaliyosainiwa na wenye nyumba, wala si wapangaji peke yao, na ni vizuri yakafikishwa ofisi ya mtaa. Yaseme kiwango cha mchango, tarehe ya kulipa, nani anashika fedha na nini kitatokea mtu akiacha. Kamati yenye busara hukusanya mchango wa miezi mitatu kabla ya kumwita fundi wa kuchomelea geti. Fedha hiyo ya akiba ndiyo itakayolipa walinzi mwezi ambao nyumba nne zimechelewa.

Fedha ikiwa ndogo, ni bora kupunguza saa zinazolindwa kuliko kupunguza watu kwa kila saa. Geti likilindwa usiku tu na mchana likaachwa wazi, gharama inashuka hadi 1,100,000, takriban 46,000 kwa nyumba, na walinzi wawili wanabaki na usingizi wao. Mpango huo ni wa wazi, kila mkazi anajua mchana afunge mlango wake. Walinzi wawili wanaoambiwa wakae saa 24 huwadanganya wote, wakiwemo wao wenyewe.

Kuna suala la barabara pia. Njia nyingi ambazo wakazi wanaziita "za kwetu" ni barabara za umma, na barabara za mijini zisizo kuu ziko chini ya TARURA. Geti lililowekwa bila idhini linaweza kubomolewa, na fedha ya michango ikaenda bure. Kubwa zaidi ni usalama. Gari la zimamoto ni pana na refu, na moto hausubiri mwenye ufunguo aamke. Kabla ya kujenga, andika barua kwa mtendaji wa mtaa, pata idhini, pima upana unaotosha gari kubwa kupita, na hakikisha ufunguo unakaa kwa mlinzi usiku kucha. Namba za dharura, 112 ya polisi na 114 ya zimamoto, zibandikwe ndani ya kibanda kwa maandishi makubwa.

Geti pia lina watu linaowaumiza bila sababu. Muuza mboga, fundi, dereva wa bodaboda anayeleta mzigo na binti wa kazi anayerudi sokoni ndio wanaosimamishwa na kuhojiwa, huku gari lenye vioo vyeusi likifunguliwa kwa honi moja. Mwizi anayejua hivyo huja na gari. Kanuni ya geti iwe moja kwa wote: mgeni anataja nyumba anayokwenda, mlinzi anapiga simu kwa mwenyeji, namba ya gari na saa vinaandikwa, na akitoka vinaandikwa tena. Kuandika kutoka ndiko kunakosahaulika zaidi, na vitu vilivyoibwa hutoka kwa njia hiyohiyo.

Asichoweza mlinzi

Hata lindo lililopangwa vizuri lina kikomo. Walinzi wengi wa makazi hawana silaha zaidi ya rungu, na silaha za moto ziko chini ya masharti makali ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Watu watano wenye mapanga wakifika, kazi ya mlinzi ni kuita mapema na kubaki hai. Asitegemewe kupigana nao. Ndiyo maana swali la nani ataitika lina uzito sawa na swali la saa. Mlinzi wa kampuni anayesubiri gari la doria kutoka mbali, asiye na namba ya kiongozi wa ulinzi shirikishi, yuko peke yake kwa dakika zile ambazo wizi huwa unakamilika. Wakazi wa geti waendelee kutoa mchango wa mtaa, kwa sababu vijana wa filimbi ndio walio karibu. Mara moja kwa miezi michache fanyeni jaribio, kwa kuitaarifu ofisi ya mtaa kwanza: pulizeni filimbi, mwangalie saa, mhesabu wamekuja wangapi na baada ya dakika ngapi.

Mlinzi pia hazuii wizi unaotoka ndani, wa fundi aliyeachiwa ufunguo au ndugu anayejua kabati lilipo. Wala mkataba wa kampuni si bima. Mikataba mingi huweka kikomo cha fidia na kutaka uthibitisho kwamba mlinzi alizembea. Soma kipengele hicho kabla ya kusaini, na wizi ukitokea, toa taarifa polisi mara moja upate namba ya RB, kisha iandikie kampuni ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkataba. Daftari la lindo la usiku huo lipige picha palepale, kabla halijachukuliwa.

Mkutano ujao wa mtaa au wa kamati ya geti unaweza kuanza na maswali matatu, na yote yana majibu ya namba. Lindo letu ni saa ngapi kwa wiki? Watu wangapi wanazigawana? Filimbi ikilia, nani anafika, na baada ya dakika ngapi? Mwenyekiti akishindwa kuyajibu, msijadili kwanza kupandisha mchango wala kununua kamera. Tengenezeni ratiba ya zamu yenye majina, ionyeshe usiku wa kila mlinzi wa kupumzika, kisha ndipo mpange bei inayoweza kuilipia ratiba hiyo. Mtaa wenye fedha ya walinzi wawili waliolala mchana una ulinzi wa usiku. Mtaa unaomlipa mmoja kwa kazi ya wawili umenunua sare.